Stika tatu juu ya friza moja: ninunue sasa au nisubiri?

Januari 2024 nilikuwa nimepiga magoti mbele ya friza, kucha ikijaribu kubandua stika ya bei. Chini yake palikuwa na stika nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Ya kwanza kabisa, tuliyoibandika mwanzoni mwa 2023, ilisema 34,500. Ya pili 37,900. Ya juu, ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, 42,500. Friza ni aina ile ile, lita 200, nyeupe, mfuniko wa kufungukia juu. Ndani ya mwaka mmoja hakuna kitu kilichobadilika ndani yake isipokuwa karatasi iliyobandikwa mbele.

Mimi ni karani wa oda katika duka la vifaa vya nyumbani Mombasa. Kazi yangu ni kuandikiana na viwanda vya China, kufuatilia kontena, kukimbizana na wakala wa forodha na kukaa na tajiri kupanga bei. Kwa sababu hiyo, shilingi ilipokuwa inateremka, ndugu na majirani walinigeuza mganga. Dola moja ilikuwa kama shilingi 123 mwaka 2023 ulipoanza. Kufika mwishoni mwa Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Kila aliyeniona alikuwa na swali lile lile kwa maneno tofauti. Nitayajibu hapa kama nilivyoyajibu wakati ule, pamoja na pale nilipokosea, maana nilikosea.

"Shemeji, friza nichukue sasa ama ningoje bei ishuke?"

Huyu ni ndugu wa mke wangu, anakaa Kisauni, anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwenye vifuko. Alikuwa akitumia sehemu ya juu ya friji ya nyumbani, ile ndogo ya barafu, akitoa vifuko 40 kwa siku, na watoto wakimaliza wote kabla ya saa nane mchana. Alikuwa na 45,000 mkononi, zamu yake ya chama.

Sikumjibu habari ya dola. Nilimuuliza: ukiwa na friza, kila siku utabaki na shilingi ngapi, baada ya kutoa sukari, ukwaju, vifuko na umeme? Alihesabu kwa vidole, akarudia, akasema 300 juu ya kile anachopata sasa. Siku ya Jumapili hauzi. Siku 26 za mwezi mara 300 ni 7,800.

Sasa, tuseme bei itashuka kweli. Itashuka kiasi gani, na lini? Kwa kuitazama ile karatasi ya oda zetu nilijua kwamba hata dola ikianguka siku hiyo hiyo, friza iliyoko dukani ingepungua kwa 4,000 hivi, na si kabla ya miezi mitatu. Elfu nne kwake ni kazi ya siku 14. Yaani akingoja zaidi ya wiki mbili ili aokoe elfu nne, amekula hasara. Tena miezi aliyotaka kungoja ilikuwa Februari, Machi na Aprili: joto la pwani liko kileleni, na mwaka ule Ramadhani iliingia katikati ya Machi, wakati ambapo mtaa mzima hutafuta kitu cha baridi jua likizama. Kungoja miezi mitatu kungemgharimu 23,400 ili apate punguzo la 4,000.

Alinunua wiki ile ile. Bei ikashuka baadaye, kama nitakavyoeleza, na akanipigia simu akilalamika kwamba amenunua ghali. Nikamwambia afungue daftari lake la mauzo atazame Machi. Akakata simu. Wiki iliyofuata akaniletea vifuko kumi vya ubuyu.

"Lakini friza si ya dola. Nalipa kwa shilingi. Kwa nini dola iniguse?"

Hili ndilo swali ambalo wengi hulipita, na ndani yake ndimo yaliyomo majibu mengi ya hayo mengine. Kila bei ina vipande viwili: kipande kinachotembea na dola, na kipande kinachotembea na mambo ya hapa. Kabla hujaamua kukimbilia au kungoja, jua kipande cha kwanza ni kikubwa kiasi gani.

Friza yetu inanunuliwa kiwandani kwa dola. Meli inalipwa kwa dola. Ikifika Kilindini, ushuru unatozwa kwa asilimia, na asilimia hiyo inakatwa juu ya thamani ya mzigo iliyogeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha wiki ile. Kwa hiyo dola ikipanda, ushuru nao unapanda bila serikali kugusa sheria. Baada ya hapo ndipo inaingia kodi ya duka, mishahara, mkokoteni wa kuleta mzigo na faida ya tajiri, ambavyo havijui dola ni nini. Katika vitabu vyetu, kwa bidhaa ya namna hii, karibu shilingi 75 katika kila 100 za bei zilikuwa zinafuata dola. Na ukitazama zile stika utaona hesabu inakubali: dola ilipanda kwa kama asilimia 30, friza ikapanda kwa 23.

Sasa chukua kitu kingine. Kitanda cha mninga au cha mvule kutoka kwa seremala wa Kongowea: mbao, msasa, vanishi na kazi ya mikono. Kinapanda pia, lakini polepole, na kinapanda zaidi kwa sababu ya mafuta ya lori kuliko kwa sababu ya dola yenyewe. Aliyekuwa akikimbilia kununua kitanda Januari ile kwa kuogopa dola alikuwa akikimbia kivuli. Saruji iko katikati: inatengenezwa hapa, lakini inakula umeme na makaa mengi, na bili ya umeme ya Kenya ina mstari wake wa marekebisho ya fedha za kigeni. Simu, betri za sola, tairi na vipuri vya pikipiki, hivyo ni dola tupu iliyovaa shilingi.

"Ami, hili gari nilipie leo kabla dola haijafika 200?"

Mpwa wangu. Kijana mwenye kazi nzuri Nyali, mke na watoto wawili, na gari kuukuu lililokuwa bado linatembea. Alikuwa ameona gari la 2017 huko Japani, dola 6,000 pamoja na meli na bima hadi Mombasa. Muuzaji alikuwa akimtumia ujumbe kila asubuhi. Na mitandaoni watu walikuwa wakiandika kwamba dola itafika 200 kabla ya Juni.

Nitaliweka hesabu lake wazi kwa sababu ndilo linaloonyesha tofauti na friza. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa kama 161, lakini benki yake ilimuuzia kwa 163, na hiyo ndiyo bei ya kweli kwa mtu wa kawaida. Ukisoma kiwango gazetini, ujue si chako, chako ni kile ambacho dirisha linakubali kukuuzia. Dola 6,000 kwa 163 ni shilingi 978,000. Wakala wa forodha alimkadiria ushuru wa 620,000, na gharama za bandari, namba na wakala mwenyewe 90,000. Jumla 1,688,000.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalijui. Gari lililotumika halitozwi ushuru kama friza. Mamlaka ya ushuru ina orodha yake ya bei za magari mapya, kwa shilingi, na kutoka hapo hupunguza thamani kulingana na umri wa gari. Risiti yako ya Japani haihusiki. Orodha ile haikuwa ikibadilika kila dola inapopiga chafya. Kwa hiyo zile 620,000 zilikuwa zimesimama pale pale, dola iwe 163 au 132. Kati ya fedha zake zote, 978,000 tu ndizo zilizokuwa zikichezeshwa na dola, si gari zima.

Swali la pili nililomuuliza: ukingoja miezi mitatu, fedha zako zitakaa wapi? Wakati ule hati za hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu, zilikuwa zinalipa kama asilimia 16 kwa mwaka. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 15 ya riba, robo ya mwaka inakuachia kama asilimia 3.4. Kwa 978,000 hiyo ni karibu 33,000. Maana yake ni kwamba kungoja kungemtia hasara ikiwa tu dola ingepita 168.5 ndani ya miezi hiyo mitatu. Chini ya hapo, aliyengoja ameshinda.

Je, ingepita? Ukiitazama 2023, ndiyo: dola ilikuwa ikipanda kama asilimia mbili na kitu kila mwezi. Kwa mwendo ule ingefika 174 mwezi Aprili, gari lingeongezeka 66,000, na baada ya kutoa riba aliyoipata, kungoja kungemgharimu kama 33,000. Sitaki kujifanya kwamba jibu lilikuwa rahisi. Aliyenunua vitu vya dola mapema 2023 alifanya vizuri, hilo halina ubishi, na aliyengoja mwaka ule wote aliumia.

Kilichonifanya nisite ni kalenda. Sababu kubwa ya woga wa wakati ule ilikuwa na tarehe: Kenya ilikuwa inadaiwa Yurobondi ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Kila mwenye dola alikuwa akizishika akisubiri kuona kama nchi italipa. Hali ya namna hiyo haiendelei kupanda taratibu milele. Ama deni linashindikana na dola inaruka vibaya sana, ama linapatiwa dawa na woga unayeyuka mara moja. Mpwa wangu hakuwa na haraka ya kucheza kamari ile. Sheria ya Kenya inakataza kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, lakini la 2017 lilikuwa na nafasi hadi mwisho wa 2024. Na gari la zamani lilikuwa linawaka kila asubuhi.

Nilimwambia agawe: anunue dola 3,000 sasa aziweke kwenye akaunti ya dola, nusu nyingine ya fedha aiweke kwenye hati za hazina, aamue Aprili. Ikipanda, ana nusu tayari. Ikianguka, amechomwa nusu tu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema "Sawa ami", akaenda akalipa zote.

Mnajua kilichotokea. Tarehe 6 Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Wiki iliyofuata serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Mwezi huo huo ikauza bondi ya miundombinu ya ndani yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi, na wageni wakaleta dola zao kuikimbilia. Waliokuwa wamekalia dola wakaanza kuziachilia wote kwa pamoja. Mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 132. Gari la mpwa wangu lingekuwa 792,000 badala ya 978,000. Tofauti 186,000, karibu asilimia 11 ya gharama nzima, ingawa dola yenyewe ilikuwa imeanguka kwa asilimia 19. Zile 620,000 za ushuru ndizo zilizopunguza uchungu.

"Kwa nini nisinunue dola zenyewe niziweke?"

Hapa naomba nijikamate mwenyewe. Wiki ile ile niliyokuwa nikimshauri mpwa wangu agawe, nilipita kwenye duka la kubadilishia fedha mjini, mfukoni nikiwa na fedha za karo ya muhula wa pili ambazo hazikuwa na kazi hadi Aprili. Ubao ulisema wananunua 157, wanauza 163. Nikanunua dola 1,000, nikaziweka ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya kitabu. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Mwishoni mwa Machi nilizirudisha. Walininunulia kwa 130. Nilipoteza 33,000, na muhula ulikuwa unakaribia. Mke wangu hakusema kitu, akatazama tu bahasha.

Kosa langu halikuwa kwamba dola ilianguka. Kosa lilikuwa kwamba karo ni ya shilingi. Shule haitaki dola. Mpwa wangu angalau alikuwa na bili ya dola, kwa hiyo dola aliyoishika ilikuwa na mahali pa kwenda. Mimi nilichukua bili ya shilingi nikaifanya ya dola bila sababu. Na hata kama kiwango kingesimama pale pale, kati ya 157 na 163 nilikuwa nimeshapoteza 6,000 dakika niliyotoka mlangoni. Kuuza bila hasara kungehitaji ubao wao wa kununua upande hadi 163, yaani karibu asilimia 4 juu, ndipo nirudi nilipoanza.

Aliye na bili ya dola mbele yake, kama vile karo ya nje, mzigo au matibabu India, ana sababu ya kuzikusanya kidogo kidogo. Wengine wote tunacheza.

"Dola imeshuka. Mbona bei dukani haijashuka?"

Niliulizwa hili Machi na Aprili 2024 na watu waliokuwa na hasira, wengine wakiwa wamesimama mbele yangu na kidole kwenye stika. Nitasema ukweli wa upande wa pili wa kaunta, tajiri akisoma atanisamehe.

Bei inapopanda, duka hupanga kwa mzigo ujao. Friza iliyoko sakafuni ilinunuliwa dola ikiwa 140, lakini tukiiuza kwa bei ile hatutaweza kuleta nyingine kwa dola ya 160. Kwa hiyo tunabandika stika mpya juu ya mzigo wa zamani. Mteja anaita huo wizi. Sisi tunaita kubaki na duka. Bei inaposhuka, hesabu inageuka: duka hupanga kwa mzigo uliopita. "Huu tuliununua kwa dola ya 160, tuuze hasara?" Kwa hiyo stika inangoja hadi mzigo ule uishe. Kupanda tunatumia lifti, kushuka tunatumia ngazi.

Ngazi hiyo ina urefu unaoweza kuuhesabu. Oda yetu kwa kawaida huanza na malipo ya asilimia 30 kiwandani, kiwanda kinatengeneza kwa wiki nne hadi tano, tunalipa 70 zilizobaki mzigo ukishapakiwa, meli inachukua mwezi hivi, kisha bandari na forodha. Miezi mitatu kamili. Mzigo uliokuwa dukani Machi ulilipiwa Desemba na Januari, kwenye kilele chenyewe. Friza ya 42,500 ilishuka hadi 39,900 Aprili, kwa sababu duka la jirani lilikuwa limepata mzigo mpya kabla yetu, na ilifika 38,500 Mei.

Vitu visivyolala dukani vilishuka upesi zaidi. Petroli, ambayo bei yake Kenya inatangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, ilikuwa 207.36 Nairobi katikati ya Januari, na katikati ya Aprili ilikuwa 193.84. Hakuna anayekaa na petroli ya dola ya zamani miezi mitatu.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kungoja kutakulipa, muulize muuzaji swali moja tu: mzigo huu umeingia lini? Tazama katoni, mara nyingi tarehe ya kutengenezwa imepigwa mhuri ubavuni. Kama dola imeanguka mwezi uliopita na katoni ina vumbi, mzigo ni wa dola ya juu na muuzaji ana sababu ya kushikilia bei, lakini pia ana hofu: anajua jirani yake ataleta wa bei rahisi. Hapo ndipo pa kupatana. Siku zile za Machi tulikuwa tukipunguza hadi 2,000 kwa yeyote aliyejua kuomba, na wengi hawakuomba.

"Nikope nichukue sasa, halafu nilipe polepole?"

Inategemea unakopa kwa nani, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkopo wa chama cha akiba na mikopo kwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa kitu kinachopanda asilimia 2 kwa mwezi na ambacho kingenunuliwa hata hivyo, hesabu inakubali. Lakini kumbuka kwamba dola ikigeuka, deni haligeuki.

Mkopo wa simu unaotoza asilimia 7 au 8 kwa mwezi hauna hesabu ya kufanya. Hata katika mwaka ule mbaya wa 2023, hakuna mwezi ambao dola ilikimbia riba ya namna hiyo.

Na kuna zile simu za lipa mdogo mdogo. Kijana anayebeba mizigo yetu alichukua moja akiniambia "kabla hazijapanda". Dukani kwa fedha taslimu ilikuwa 20,000. Yeye alitoa 4,000 mbele, kisha 100 kila siku kwa siku 365. Jumla 40,500. Nilimwandikia kwenye kipande cha katoni akakitazama muda mrefu. Ili ununuzi ule uwe wa busara kwa sababu ya dola, dola ingehitaji kufika zaidi ya 320.

"Na mabati, saruji, nondo? Najenga kidogo kidogo."

Mabati ndiyo, kama paa ni la mwaka huu na una mahali pakavu pa kuyaweka. Koili zake zinatoka nje, kipande cha dola ni kikubwa. Yasimamishe, usiyalaze juu ya ardhi, maana maji yakiingia kati ya bati na bati yanaacha madoa meupe ya kutu kabla hata hujapiga msumari. Nondo ndiyo, lakini kwa hewa ya chumvi ya hapa pwani zifunike na zitumie ndani ya mwaka.

Saruji usinunue ya kuweka. Jirani yangu alinunua mifuko 60 Novemba 2023 kuikimbia bei, akaipanga sakafuni, ukutani, bila mbao chini. Mvua za masika zilipofika aliinua mfuko wa chini ukainuka kama jiwe moja. Alipoteza 22. Hata katika mwaka ule mbaya wa 2023 dola haikupanda kwa kiasi hicho katika miezi mitano.

Vyakula vya kukaa navyo vivyo hivyo. Mchele wa miezi mitatu ni wako na wa fukusi.

"Ami Mombasa, huku kwetu dola inacheza. Tufanyeje?"

Hii ilitoka Tanga baadaye, kwa binamu ya mke wangu anayetaka mashine ya kusaga. Huko mwendo ni tofauti na wetu, na asichukue hesabu yangu ya Januari 2024 akaibandika kwake. Shilingi ya Tanzania ina msimu. Nusu ya kwanza ya mwaka huwa inalegea. Kuanzia Julai watalii wanaingia, kisha korosho na mazao mengine yanauzwa nje, dola zinajaa na shilingi inapata nguvu. Mwishoni mwa 2024 ilitoka karibu 2,700 kwa dola hadi chini ya 2,400 ndani ya wiki chache, na masika ya 2025 ilikuwa imerudi tena juu ya 2,600. Mtu anayenunua mashine ya dola Aprili, bila haraka, amechagua mwezi mbaya. Na tangu Machi 2025 kanuni za huko zinakataza kutangaza bei kwa dola kwa bidhaa na huduma za ndani, kwa hiyo muuzaji akimwambia "bei ni ya dola, lipa kwa kiwango cha leo", aombe bei ya shilingi iliyoandikwa, yenye tarehe ya mwisho.

Hilo la tarehe ya mwisho ni la kila mahali. Ukilipa amana ili kushika bei, karatasi iseme bei kamili kwa shilingi, itadumu hadi lini, na kama bei ikishuka utalipa ipi. Niliwahi kumwona mtu aliyelipa nusu ya bei ya jenereta mahali fulani mjini, akarudi baada ya wiki mbili na kuambiwa bei imepanda, aongeze 9,000. Risiti yake ilisema tu "amana". Hakuwa na pa kushika.

Nilimuuliza binamu: mashine itasaga magunia mangapi kwa wiki? Alisema bado hajapata chumba chenye umeme wa kutosha kuiendesha. Basi subiri, nikamwambia, na wala si kwa ajili ya dola.

Kuhusu ile friza ya Kisauni, Septemba 2024 shemeji alirudi dukani akitaka ya pili. Dola ilikuwa imetulia kwenye 129, na stika iliyokuwa mbele yake ilikuwa moja tu, 36,900. Alikuna pembe yake kwa ukucha kuona kama kuna nyingine chini.